Weupe wa pete za Zohali si cheti cha kuzaliwa

Abiria akishuka kwenye basi lililotoka mbali kwa barabara ya vumbi, na shati lake jeupe bado safi kana kwamba limepigwa pasi asubuhi hiyo, utawaza mawili. Ama alipandia hapo jirani, ama kuna namna vumbi halikumpata. Wanaochunguza sayari ya Zohali wamebishana juu ya shati la aina hiyo, yaani weupe wa pete zake, kama ni changa au za kale, tangu miaka ya 1980, vyombo vya anga vya Voyager vilipopita huko, na mwaka 2023 wengi walidhani kesi imekwisha: pete ni changa, hazizidi miaka milioni 400. Mimi naona hukumu ile ilitoka mapema.

Tulitazame kwanza shati lenyewe. Kwa darubini ndogo pete huonekana kama bapa moja gumu. Mwishoni mwa miaka ya 1850, mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha kwa hesabu kwamba bapa gumu lingevunjikavunjika; lazima pete ziwe vipande visivyohesabika, kila kimoja kikiizunguka sayari kivyake. Ni vipande vya nini? Jibu lilianza kupatikana mnamo 1970, wanajimu walipopima mwanga wa infraredi unaorudi kutoka kwenye pete. Mwanga huo ulikuwa umepungukiwa sehemu zilezile ambazo barafu ya maji huzimeza. Leo tunajua kwamba zaidi ya asilimia 95 ya pete ni barafu, na katika sehemu zilizo safi zaidi, hasa pete B iliyo pana na angavu, uchafu ni kama asilimia moja au hata chini ya hapo. Vipande vyake vinaanzia ukubwa wa punje ya mchanga hadi ukubwa wa nyumba. Pete kuu kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ni kilomita 270,000 hivi, lakini sehemu nyingi unene wake ni kama mita 10 tu.

Sasa vumbi. Anga ya Jua si tupu. Chembe ndogo za mawe na kaboni, masalia ya nyotamkia na magimba mengine, zinanyesha kila mahali bila kukoma. Pete ni eneo kubwa mno lenye uzito mdogo, kwa hiyo ni kama turubai lililotandazwa kwenye mvua hiyo. Barafu iliyokaa huko miaka bilioni 4.5, tangu sayari ilipoundwa, ilitakiwa iwe imechafuka na kuwa nyeusi. Kumbe bado inang'aa, ikiwa na wekundu hafifu tu kama rangi ya krimu. Hapo ndipo hoja ya ujana ilipozaliwa.

Ili hoja hiyo igeuke kuwa miaka, unahitaji namba tatu: kuna barafu kiasi gani, uchafu uliomo sasa ni kiasi gani, na vumbi linaongezeka kwa kasi gani. Ya kwanza ndiyo iliyosumbua kwa muda mrefu, kwa sababu barafu nyingi huuficha uchafu, kama tone la wino linavyopotea kwenye pipa. Chombo cha anga cha Cassini, kilichokuwa kikiizunguka Zohali, kilipokuwa kikipita nje ya pete, mvuto wa pete ulichanganyika na mvuto wa sayari na haikuwezekana kuutenganisha. Mwaka 2017, mafuta yakiwa yanakaribia kuisha, kiliongozwa kupita mara 22 katika upenyo kati ya pete na sayari, kabla ya kutumbukizwa ndani ya Zohali tarehe 15 Septemba. Katika baadhi ya mizunguko hiyo wahandisi walifuatilia mabadiliko madogo ya mawimbi yake ya redio. Kwa kuwa sasa sayari ilikivuta upande huu na pete upande ule, mvuto wa pete ulijitenga. Kundi la Luciano Iess wa Roma lilitangaza matokeo mwaka 2019: uzito wa pete ni kama asilimia 40 ya uzito wa Mimas, mwezi mdogo wa Zohali wenye upana wa kilomita 400 hivi. Kipimo hicho kinaweza kupanda au kushuka kwa karibu theluthi moja. Bado, barafu ni chache kuliko baadhi ya watu walivyotarajia. Pipa lilikuwa dogo, na bado wino haukuonekana: basi wino wenyewe ulikuwa kidogo.

Namba ya tatu, kasi ya vumbi, ilitoka kwenye chombo hichohicho. Cassini ilibeba kipimavumbi chenye umbo la ndoo. Katika miaka 13 ya kuizunguka Zohali kilinasa chembe nyingi sana, lakini karibu zote zilikuwa za hapohapo nyumbani, nyingi zikirushwa na mwezi uitwao Enseladasi. Kundi la Sascha Kempf wa Colorado lilizichambua kwa mwendo na mwelekeo, likabaki na chembe 163 zilizotoka nje kabisa ya himaya ya Zohali. Chembe 163 kwa miaka 13! Lakini zilitosha kukadiria mvua ya vumbi, na hesabu ikatoa umri wa kati ya miaka milioni 100 na milioni 400. Ukishika ule mdogo, mijusi mikubwa ambayo mifupa yake ilifukuliwa Tendaguru, Lindi, yenye umri wa miaka milioni 150 hivi, iliishi chini ya Zohali isiyo na pete.

Ila ndani ya hesabu hiyo kuna namba ya nne, na hiyo haikupimwa. Katika vumbi linalopiga pete, ni sehemu gani inayobaki? Waliokadiria ujana walichukua kwamba walau asilimia 10 inabaki. Tufanye hesabu ya dukani. Tuseme kwa asilimia 10 unapata umri wa miaka milioni 200. Uchafu uliomo ni uleule na mvua ni ileile. Ikiwa inayobaki ni asilimia moja tu, itachukua muda mara 10 zaidi kufikia uchafu huo, yaani miaka bilioni 2. Ikiwa ni nusu ya asilimia moja, ni bilioni 4. Saa yote inategemea namba moja ambayo hakuna chombo kilichokwenda kuipima.

Mwishoni mwa 2024 Ryuki Hyodo na wenzake walichapisha jaribio la kompyuta lililoigusa namba hiyo hasa. Chembe ya vumbi haitui kwenye pete kama vumbi linavyotua mezani. Mvuto wa Zohali huivuta, nayo inagonga barafu kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo haipasuki vipande. Inakuwa mvuke wa moto mkali mno, unaofumuka na kutoka kwenye shimo la mgongano. Mvuke huo unapopoa unageuka chembe ndogo sana zenye chaji ya umeme, na kitu chenye chaji karibu na Zohali hakijiendei kitakavyo: uga wa sumaku wa sayari unakikokota. Nyingine zinaangukia kwenye sayari, nyingine zinatoroka kabisa. Kwa mujibu wa hesabu zao, inayobaki kwenye pete ni asilimia moja au chini yake. Yule abiria alikuwa amesafiri siku nzima, ila shati lake halishiki vumbi.

Nisieleweke vibaya: jaribio la kompyuta si kipimo. Waliitazama chembe moja ikigonga kipande kimoja, wakati pete B ina vipande vimesongamana kiasi kwamba mvuke unaweza kukutana na jirani kabla haujatoka. Hilo ndilo swali ambalo ningependa wajibane nalo zaidi. Na watetezi wa ujana wana hoja nyingine ambayo haihusu rangi hata kidogo: pete zinavuja.

Katika ile mizunguko ya mwisho, vipimo vya Cassini viliona vitu vikimiminika kutoka pete za ndani kwenda kwenye sayari, na makadirio yalikuwa kati ya tani 4.8 na tani 45 kwa sekunde. Gawanya uzito wa pete kwa kiwango cha chini, utapata kama miaka milioni 100 hadi ziishe. Kwa kiwango cha juu, kama milioni 10 tu. Ukiishia hapo utasema kitu kinachokwisha haraka hivi hakiwezi kuwa cha kale. Lakini kilichokuwa kikimiminika hakikuwa maji matupu. Kulikuwa na methani na mchanganyiko mwingi wa kaboni, kwa wingi usiolingana hata kidogo na pete ambazo ni barafu karibu tupu. Maana yake uchafu unaonekana kutoka kwa urahisi kuliko barafu. Kipimo kilekile kinachoonyesha pete zinakufa kinaonyesha pia kwamba zinajisafisha. Tena pete D, ile ya ndani kabisa, ni nyembamba kama moshi na haiwezi kuvuja kwa kasi hiyo kwa muda mrefu; huenda Cassini ilikuta msukosuko wa muda tu. Ukiona bomba limepasuka leo, huwezi kusema limekuwa likimwaga vile tangu nyumba ijengwe.

Upande wa ukale nao una nguvu yake katika swali la asili. Mwaka 2010 Robin Canup alipendekeza kwamba sayari ilipokuwa inaundwa, mwezi mmoja wenye ukubwa wa Titani, ule mkubwa kuliko yote ya Zohali leo, ulisogea ndani polepole, mvuto ukauvua ganda la barafu, na kiini chake cha mawe kikazama ndani ya Zohali. Hapo unapata barafu bila mawe, jambo ambalo ukivunja mwezi wa kawaida hulipati kirahisi. Pete kubwa za namna hiyo hutawanyika haraka mwanzoni, kisha polepole, na baada ya miaka bilioni 4 hubaki na uzito unaokaribia ule uliopimwa. Wa upande wa pili wanao mwezi wao pia: mwaka 2022 Jack Wisdom na wenzake walieleza juu ya mwezi waliouita Krisalisi, uliopoteza mwelekeo kama miaka milioni 160 iliyopita, ukasogea karibu mno na kuraruliwa. Kisa hicho kinaeleza pia kwa nini Zohali imeinama nyuzi 27 hivi. Ni kizuri, ila kinataka bahati: karibu mwezi wote umezwe na sayari, na asilimia moja hivi ibaki kuwa pete, tena iwe barafu.

Ukinishika nichague, naegemea ukale, si kwa uhakika. Nikiiondoa hoja ya uchafu, ujana unabaki umesimama juu ya uvujaji uliopimwa kwa miezi michache. Na hata uchafu ungekuwa saa nzuri, unahesabu muda ambao barafu imekaa wazi, si siku pete zilipoundwa.

Kipande kinachokosekana kinaweza kutafutwa bila kurudi Zohali. Kuna mashine za maabara zinazorusha chembe za chuma kwa makumi ya kilomita kwa sekunde, na zinaweza kulenga barafu. Tatizo ni kwamba chembe zinazoweza kufikia kasi hiyo ni ndogo mno kuliko zile zinazoleta sehemu kubwa ya uchafu kwenye pete, na hakuna anayejua kama mvuke wa chembe ndogo unatenda sawa na wa chembe kubwa.