Ratiba ya wiki nane si uvivu, ila lifti haisubiri wimbi

Kikao cha kwanza cha ujenzi hapa Dar es Salaam mara nyingi hukwama mahali pamoja. Mkandarasi anaweka mezani ratiba ambayo wiki nane za mwanzo zimeandikwa siku kwa siku, na baada ya hapo kuna mistari kumi na miwili tu, minene: "kuta na paa, miezi miwili na nusu", "umaliziaji, miezi mitano". Mwenye jengo anauliza ratiba iliyobaki iko wapi. Akiambiwa itaandikwa kadiri kazi inavyosogea, anaona anauziwa mbuzi kwenye gunia.

Shaka yake ina mantiki, na tutaifikia. Lakini upangaji huu wa wimbi kwa wimbi, ambao kila kipande cha wiki nane huandikwa kwa kina zamu yake ikikaribia, unahukumiwa kwa kosa lisilo lake. Watu huulinganisha na ratiba kamili yenye mistari 600 inayotaja hadi tarehe ya kupaka rangi choo cha ghorofa ya nne, kana kwamba ile ya mistari 600 inajua zaidi. Haijui zaidi. Imeandika zaidi, basi.

Tuchukue jengo la mfano Sinza: slebu tano, miezi 14, kazi inaanza Juni mosi, na hifadhi ya muda ya wiki tano imewekwa mwishoni kabla ya tarehe ya kukabidhi. Ratiba inatoa siku 18 kwa kila slebu, kuanzia nguzo, kufunga mbao, kusuka nondo, kulaza mabomba ya umeme hadi kumwaga zege.

Wiki ya tatu, shimo la msingi likiwa na kina cha karibu mita mbili, maji yanatokea chini. Pampu zinaletwa, kingo zinaanza kumomonyoka, nazo zinapaswa kuegemezwa kabla fundi hajashuka tena. Wiki mbili zinapotea. Kwenye ratiba ya mistari 600 kila kilicho mbele kinatakiwa kusogezwa, na hapo ndipo ratiba hizi hufa: mtu mmoja anahitaji siku kadhaa kuirekebisha, na kabla hajamaliza saiti imeshabadilika tena. Matokeo yake tunayajua. Karatasi inabaki ukutani ofisini, na kazi inaendeshwa na daftari la msimamizi. Kwenye ratiba ya mawimbi kinachoandikwa upya ni dirisha la wiki nane pekee, ile mistari kumi na miwili inasogea kwa pamoja, na hifadhi inashuka kutoka siku 35 hadi 21. Kazi ya asubuhi moja.

Lakini faida kubwa haipo kwenye maji. Ipo kwenye slebu.

Slebu ya kwanza, iliyoahidiwa siku 18, inachukua 24. Sababu ni za kawaida kabisa: nondo zilianza kukatwa mbao zikiwa tayari zimefungwa badala ya kukatwa mapema, na mabomba ya umeme hayakuwa yamekamilika siku ya ukaguzi, hivyo mhandisi akakataa zege lisimwagwe. Slebu ya pili inachukua siku 21, kwa sababu makosa hayo mawili yamerekebishwa na kikwazo kimebaki kimoja: seti ya mbao na mirunda ni moja, nayo haiwezi kuondolewa chini ya zege changa ili ipandishwe juu hadi mhandisi aridhike kwamba zege limepata nguvu. Hiki ni kikwazo cha kweli, si uzembe, na kitajirudia kila ghorofa.

Sasa hesabu. Slebu mbili zimeshakula siku tisa za ziada. Tatu zilizobaki, kwa mwendo wa siku 21, zitakula tisa nyingine. Jumla ni siku 18. Hifadhi ilikuwa imebaki 21, kwa hiyo zimebaki tatu. Hizo siku tatu zinaonekana katikati ya Oktoba, mradi ukiwa haujafika hata nusu, kwa sababu tu mpangaji alilazimika kuandika wimbi jipya na hakuwa na ruhusa ya kuandika tena "siku 18" huku akiwa ameona 24 na 21. Kwenye ratiba iliyoandikwa yote siku ya kwanza, namba 18 ipo tayari kwenye slebu ya tatu, ya nne na ya tano, imechapwa na kusainiwa, na hakuna anayelazimika kuigusa. Kila ghorofa inachelewa "siku tatu tu". Habari yenyewe hufika pale tarehe ya kukabidhi inapokaribia.

Oktoba bado kuna la kufanya. Mwenye jengo anaweza kulipia nusu seti ya pili ya mbao na mirunda, au lipu ianze ghorofa ya chini mara mirunda inapotoka badala ya kusubiri paa. Mei hana la kufanya isipokuwa kuandika barua.

Kuna wanaosema mkataba wenyewe hauruhusu mtindo huu. Inategemea ni mkataba gani, ila ule unaotajwa sana, wa FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999, kifungu chake cha 8.3 kinamtaka mkandarasi awasilishe ratiba ya kina ndani ya siku 28 tangu apate taarifa ya kuanza kazi, na kinamtaka pia airekebishe kila inapoacha kufanana na maendeleo halisi. Miongoni mwa mambo ambayo ratiba hiyo lazima iyaonyeshe ni mpangilio wa kazi na muda unaotarajiwa wa kila hatua, zikiwemo ununuzi, utengenezaji kiwandani na kufikisha vifaa saiti. Mpangilio na muda wa hatua unaweza kuonyeshwa vizuri kwa mistari minene, mradi iwe imefikiriwa. Maneno yanayosahaulika ni yale ya ununuzi na utengenezaji, na hapo ndipo upande wa pili una hoja nzito.

Lifti ya jengo letu itaanza kufungwa mwanzoni mwa mwezi wa 11 wa mradi. Mpangaji wa mawimbi asiye makini ataiacha kwenye mstari mnene wa "mitambo", akisema wimbi lake bado. Tuhesabu kinyumenyume: meli na kutoa mzigo bandarini miezi miwili na nusu, kiwandani minne, kuidhinisha michoro na kulipa malipo ya awali mmoja. Ni miezi saba na nusu. Oda lazima itoke kufikia wiki ya 10. Na kuna jambo baya zaidi: kina cha shimo la lifti kinategemea kasi na aina ya lifti yenyewe, na shimo hilo linamwagwa zege pamoja na msingi, wiki ya sita. Anayesubiri wimbi la mitambo atakuja kukata zege la msingi, chini ya usawa wa maji aliyokwisha kuyapiga pampu, au atalazimika kununua lifti inayoingia kwenye shimo lililopo badala ya ile anayoitaka.

Kwa hiyo dirisha la wiki nane si sheria ya kalenda. Kabla ya kufunga wimbi lolote, kila mstari mnene unatakiwa uulizwe swali moja: ni uamuzi gani ndani yako ambao muda wake wa kuagizwa ni mrefu kuliko dirisha, au unaogusa zege la sasa? Uamuzi huo unatolewa kwenye mstari mnene na kuandikwa siku kwa siku, hata kama ufungaji wake uko mbali. Kwa jengo la aina hii ni vitu vichache: lifti, jenereta, transfoma na maombi yake ya umeme, madirisha ya aluminiamu kama yanatoka nje, na matundu ya mabomba yanayopita kwenye slebu. Vigae na rangi vinaweza kusubiri bila kumuumiza mtu.

Majira nayo hayasubiri. Ukianza Juni, mwezi wa 10 hadi wa 12 wa mradi ni Machi hadi Mei, yaani masika yenyewe. Mstari mnene wa "kazi za nje" ukianguka hapo bila kutajwa mvua, kutandaza kifusi na kulaza matofali ya uani kutakwama kwenye tope. Huhitaji kujua tarehe ya siku ili kuliona hilo. Ukungu wa ratiba unaruhusiwa kuficha siku, hauruhusiwi kuficha miezi.

Malalamiko ya benki ni ya namna nyingine. Benki inataka kujua itatoa kiasi gani mwezi gani, na haipendi kusikia umaliziaji utagharimu "kati ya". Hapa naihurumia benki nusu tu. Kwa vipimo vya PMI, taasisi ya Marekani ya usimamizi wa miradi, makadirio ya awali ya jumla hubeba upana wa asilimia 25 chini hadi 75 juu. Makadirio ya uhakika hubeba 5 chini hadi 10 juu. Mstari mnene ulioandikwa shilingi milioni 200 mapema hivyo unaweza kuwa na maana ya milioni 150 au 350. Kuugawa mstari huo katika vipande 80 vyenye bei hadi shilingi ya mwisho, kabla mwenye jengo hajachagua vigae, hakupunguzi upana huo. Kunauficha. Kinachoupunguza ni kuamua, na ratiba ya mawimbi iliyonyooka huandika tarehe ya kila uamuzi pamoja na upana wa bei uliobaki, ili benki ione namba ikibana mwezi hadi mwezi.

Iliyonyooka, nimesema, kwa sababu mtindo huu ni kichaka kizuri cha kujifichia. Mkandarasi anayetaka kudai nyongeza baadaye hupenda mistari minene. Mkaguzi anaweza kumtambua bila shida. Mstari wa uongo hauna bei, hauna jina la mhusika, na hauna tarehe ambayo utafunguliwa na kuandikwa kwa kina. Una maneno "itaelezwa baadaye". Dalili nyingine ni tarehe ya kukabidhi kusogea kimyakimya kila wimbi jipya linapotolewa, ilhali ratiba ya kwanza haionekani tena popote. Dawa yake ni kufunga tarehe chache, kama vile kumaliza msingi, slebu ya mwisho, paa na makabidhiano, zisibadilishwe bila saini ya mwenye jengo, na kila wimbi lichapwe likiwa na safu mbili: iliyofungwa na ya sasa.

Kisha hesabu ya kila Jumamosi. Wiki ilikuwa na ahadi 20, zimetimia ngapi? Zikiwa 14, ni asilimia 70, na zile sita zinatajwa moja moja pamoja na sababu. Saiti inayobaki kwenye 50 mwezi mzima haijui hata wiki ijayo, na mwenye jengo wake ana haki ya kukataa kusaini wimbi linalofuata hadi sababu hizo zijibiwe kwanza, nondo kwa nondo.