Matone ya kupanua mboni: pikipiki na cherehani havina jibu moja

"Mimi ni fundi wa nguo, miaka 34, nina kisukari. Nikiwekewa matone ya kupanua mboni Kisumu saa tatu asubuhi, naweza kurudi Luanda kwa pikipiki yangu na kushona siku hiyo hiyo?"

Pikipiki iache nyumbani. Kushona huenda ukashona, ila alasiri.

Matone yanayotumika sana, tropikamaidi, hulegeza misuli miwili. Mmoja hubana mboni mwanga unapozidi, mwingine hurekebisha lenzi uone kilicho karibu. Huu wa lenzi hurudi mapema, kwa wengi ndani ya saa mbili hadi sita. Mboni hukawia saa nne hadi nane, pengine mpaka kesho yake.

Wanaosema mtu anaweza kuendesha wana hoja. Asiyehitaji miwani ya mbali husoma chati ya ukutani karibu kama kawaida. Tena ukimwambia anayekula kwa kazi ya siku kwamba siku imepotea, ataahirisha kipimo, na kisukari huharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, bila maumivu yoyote. Hilo linanisumbua kweli.

Lakini chati husomwa ndani, kivulini. Wewe utatoka saa tano jua likiwaka. Mboni haibani, kwa hiyo mng'ao wa kioo cha lori unaingia wote, na anayevuka akiwa na shati la rangi ya vumbi anapotelea humo. Ukitazama spidomita, tarakimu zimefifia. Kusubiri jioni hakusaidii: kwenda Luanda ni kuelekea magharibi, jua linalotua liko usoni, kisha zinafuata taa za magari. Miwani ya jua hupunguza mng'ao mchana. Usiku inakuongezea giza tu. Panda matatu.

Cherehani ni habari nyingine. Fundi wa miaka 55 anayeshona kwa miwani ya kusomea hangeona tofauti kubwa, maana lenzi yake ilishaacha kujirekebisha. Yako bado inafanya kazi, ndiyo maana matone yakiilegeza utaona sindano kwa ukungu. Ukipata miwani ya kusomea ya +2.50, utaona vizuri kwa umbali wa sentimita 40 hivi. Kama huna, jipime kwa uzi: ukiupitisha kwenye tundu la sindano bila kunyoosha mkono mbali, lenzi imerudi. Kabla ya hapo usikate kitambaa cha mtu. Na usiketi ukiuelekea mlango wenye jua.

Saa hizo ni za tropikamaidi, kwa hiyo uliza jina la dawa kabla hujawekewa. Saiklopentoleti huweza kuchukua siku nzima, na atropini wiki moja au mbili.

Ukungu ni wa kawaida. Jicho likiuma sana, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa au ukatapika, presha ya jicho huenda imepanda ghafla. Rudi hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.