Mkataba Uliogoma Kufa

Mimi ni ofisa masjala. Niliagizwa niandae rejesta ya mikataba: nifungue kila jalada, nijaze mhusika, tarehe ya kuanza, ya kumalizika na muda wa notisi. Wengi hujaza safu hizo kwa kuchungulia ukurasa wa kwanza na ule wa sahihi. Mimi husoma hadi viambatisho, tabia ambayo haijawahi kunipatia rafiki.

Nikaangukia mkataba wa matengenezo ya mashine ya faksi. Mbele umeandikwa mwaka mmoja, ulioisha zamani. Kwenye kiambatisho, chini kabisa: mkataba utajihuisha kwa miezi 12 kila ifikapo 31 Desemba, isipokuwa notisi ipokewe angalau siku 90 kabla. Nikauliza uhasibu. Kumbe wanalipa kila mwezi, fungu la "matengenezo mengineyo". Faksi yenyewe iko mapokezi, imebebeshwa chungu cha maua. Fundi huja, hunyanyua chungu, hupangusa vumbi, huandika "haina hitilafu" na kuaga.

Siku hiyo ilikuwa 1 Oktoba.

Bosi akashika kichwa. "Miezi mitatu kabla ni mwisho wa Septemba. Tumekwisha!"

"Mzee, kifungu hakisemi miezi mitatu, kinasema siku 90," mwanasheria akamtuliza, akaanza kuhesabu kurudi nyuma. Siku 31 zikamfikisha 30 Novemba, nyingine 30 zikamfikisha 31 Oktoba, na 29 zilizobaki zikatua tarehe 2. "Tuna hadi kesho. Ila iwe imepokelewa, kutuma tu hakutoshi."

Nikasoma jinsi ya kuwasilisha: kwa mkono, na nakala kwa faksi. Vyote viwili.

Kimya kikatanda. Tukageuka sote kulitazama lile ua.

Mashine haikuwa hata na waya wa simu. Bahati nzuri mkataba unamtaka fundi afike ndani ya saa 4 akiitwa, haki ambayo hakuna aliyewahi kuidai. Nikampigia.

"Imeharibika?"

"Hapana, kaka. Tunataka kuitumia."

Akanyamaza, kisha akaniuliza kama niko salama.

Alifika na waya wake, akauchomeka kwenye laini ya bosi. Nikamkabidhi barua, naye akaisoma akiwa anainyoosha. "Hii si ndiyo ya kunitoa mimi hapa?"

"Ya kusitisha mkataba, kaka. Si wewe."

Akabonyeza namba. Ikaita, haikupokewa. Akatoa simu yake na kupiga ofisini kwao: "Washeni faksi, kuna mteja anatuma!" Nikasikia vigelegele upande wa pili. Safari hii mashine ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia, ikatema ripoti: OK. Nikaitia jaladani, pamoja na nakala ya barua iliyopelekwa kwa mkono na kugongwa mhuri wao wa kupokea.

Fundi akafungasha vifaa vyake, uso umemchangamka. "Dada, miaka yote hii, leo ndiyo mmenipa kazi."