Ufunguo wa friji ya chanjo

Kaskazi ikikaza huku ukanda wa Tanga, saa nane mchana stoo ya zahanati inakuwa kama tanuri. Mwaka ule niliangalia kipimajoto cha ukutani kikasoma nyuzi 33, na mbele yangu, kwenye rafu, katikati ya glavu na chupa za dripu, kulikuwa na boksi la oksitosini, sindano ya kukaza mfuko wa uzazi ili mama asitokwe na damu nyingi. Nilikuwa nimekwenda kulitafuta makusudi. Usiku uliotangulia nusura tumpoteze mama.

Alikuwa na uzazi wa tano. Mtoto alitoka vizuri, nikapapasa tumbo kuhakikisha hakuna pacha, nikamchoma uniti 10 za oksitosini pajani ndani ya dakika ile ya kwanza kama inavyotakiwa. Kondo la nyuma likatoka lote. Lakini mfuko wa uzazi haukukaza. Baada ya sindano ile, ukiweka mkono chini ya kitovu unatarajia kushika kitu kigumu kama embe bichi. Mimi nilishika kitu laini kama unga uliozidi maji, na damu inakuja. Nikakanda tumbo, nikatoa mkojo kwa mpira, nikakagua kama kuna mchaniko. Hakuna. Nikafungua dripu, nikaweka oksitosini nyingine kutoka boksi lilelile.

Kanga ya pili ilikuwa imelowa yote. Utafiti uliofanyika Kigoma ulionyesha kwamba kanga mbili zilizolowa chapachapa ni zaidi kidogo ya nusu lita, na nusu lita ndicho kiwango tunachoita damu nyingi. Nikamwekea vidonge vinne vya misoprostoli chini ya ulimi, mikrogramu 800, mwenzangu akaita gari la kwenda hospitali ya Bombo. Kabla gari halijafika mfuko ukakaza na damu ikapungua. Yakaanza mengine: mama anatetemeka meno yanagongana, joto la mwili limepanda. Mama yake mzazi akanishika mkono, "Mwanangu, huyu si ndiyo anakufa?" Nikamwambia, "Hapana mama, ni kidonge hicho. Kitapita. Mfunike, umpe maji." Alipelekwa, akarudi na mwanawe.

Sitaki kumsingizia joto kila kitu. Mfuko wa mama wa uzazi wa tano unaweza kulegea hata ukimpa dawa iliyotoka kiwandani jana. Mgonjwa mmoja hakuonyeshi kama dawa imekufa. Lakini nilipoangalia kitabu cha wazazi cha wiki zile, nikaona mara nyingi mno tumeandika "sindano ya pili" au "dripu iliongezwa". Hiyo ndiyo dalili ya kutazama, kwa sababu kwenye ampuli yenyewe hutaona kitu. Ergometrini, sindano nyingine ya kukaza mfuko, ikiharibika inabadilika rangi, inakuwa ya manjano. Oksitosini nzima ni maji meupe, na iliyochoka ni maji meupe vilevile. Hata kichupa cha chanjo kina alama yake, ule mraba ndani ya duara unaokolea rangi kadiri joto linavyokipiga, hata mwanafunzi anajua sasa hiki tukitupe. Ampuli ya oksitosini haina shahidi wa namna hiyo.

Mtunza stoo hakuwa mzembe. Alisoma boksi, na boksi limeandikwa lihifadhiwe chini ya nyuzi 25, yeye akaelewa kwamba ni dawa ya rafuni. Watengenezaji wengine huandika nyuzi 2 hadi 8, wengine 25, wengine hata 30. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja: oksitosini yoyote, lebo yake iseme nini, isafirishwe na itunzwe kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Katika hali yetu lebo ya nyuzi 25 ni mtego, maana nyuzi 25 kwenye stoo ya Tanga mwezi wa Januari hazipo hata alfajiri.

Kuna wenzangu husema oksitosini ikikaa nje siku moja imekwisha. Si kweli, na kutishana hivyo kunatufanya tutupe dawa nzuri. Vipimo vilivyofanywa zamani na Shirika la Afya Duniani vilikuta kwamba ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 30 inapoteza wastani wa asilimia 14 ya nguvu. Kwa hesabu hiyo, uniti 10 zinabaki 8 na kitu, na huenda mfuko bado ukaitika. Shida ni kwamba boksi linalotufikia halina historia. Limekaa bandarini siku ngapi? Lilisubiri ghala gani, lilipanda bodaboda saa ngapi kwenye kasha jeusi juani? Kila kituo kinakata kidogo, joto linalopita nyuzi 30 linakata haraka zaidi, na sisi wa mwisho ndio tunaoshika kilichobaki tukidhani ni uniti 10. Ukiongeza viwanda vinavyotengeneza dawa hafifu tangu mwanzo, uchovu huo mdogo hauna pa kuegemea.

Hapo ndipo watu wengi husema: basi, zahanati ambazo hazina chumba cha ubaridi zipewe misoprostoli, kidonge hakihitaji friji, mambo yameisha. Mimi napinga, na ninapinga kwa sababu mbili.

Kwanza, kidonge si sawa na sindano. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2001, wenye wanawake zaidi ya 18,000 waliojifungulia hospitali za nchi mbalimbali, ulilinganisha uniti 10 za oksitosini na mikrogramu 600 za misoprostoli. Waliopoteza lita nzima au zaidi walikuwa asilimia 3 kwa oksitosini na asilimia 4 kwa misoprostoli. Mtu atasema tofauti ni ndogo. Ni mama mmoja katika kila mia wanaojifungua, na zahanati yenye uzazi ishirini kwa mwezi inafikisha mia kabla mwaka haujafika nusu. Juu ya hapo, waliopewa kidonge walitetemeka zaidi ya mara tatu kuliko wenzao, na homa ilikuwa mara nyingi zaidi. Homa hiyo inatusumbua kazini: unabaki hujui kama ni dawa au ni maambukizi ya uzazi yanaanza.

Pili, si kweli kwamba hatuna ubaridi. Chumba cha ubaridi hatuna, lakini zahanati karibu zote ninazozijua zina friji ya chanjo, ya sola au ya gesi, inayosomwa joto asubuhi na jioni na kuandikwa kwenye karatasi mlangoni. Na oksitosini ya mwezi mzima kwa zahanati ndogo ni boksi linaloenea kiganjani. Kilichokosekana ni ruhusa. Kwa miaka tumefundishwa friji ile ni ya chanjo peke yake, ufunguo uko kwa muuguzi wa chanjo, na muuguzi wa chanjo saa tisa usiku yuko kwake amelala. Mama anayejifungua hasubiri kliniki ifunguliwe.

Hofu ya watu wa chanjo ninaielewa. Friji ikifunguliwa ovyo usiku joto linapanda, na ampuli ndogo zikichanganyika na vichupa vya chanjo ipo siku mtoto atachomwa dawa ya mzazi. Hilo si jambo la kulichekea. Lakini lina dawa. Sisi tuliweka kikasha cha plastiki chenye mfuniko, kimeandikwa kwa kalamu nyekundu OKSITOSINI – WODI YA WAZAZI, kikakaa rafu yake peke yake, mbali na ukuta unaogandisha, maana dawa hii kuganda nako hakuitakii mema. Jioni, kabla muuguzi wa chanjo hajaondoka, zinatolewa ampuli za usiku mmoja tu, zinaingia kwenye kibebeo cha chanjo chenye vibarafu vilivyoachwa kwanza hadi vikaanza kutoka jasho, zimefungwa kwenye kitambaa zisigusane na barafu. Asubuhi zilizobaki zinarudi, na zinawekwa mbele ili zitumike kwanza. Friji haifunguliwi usiku kabisa.

Misoprostoli nayo ninaitaka iwepo. Ninaitaka kwa usiku kama ule niliousimulia, na kwa mama wa visiwani au mashambani ambaye masika imekata njia na atajifungulia nyumbani. Kwake yeye vidonge vitatu vya mikrogramu 200, avimeze mara mtoto akishatoka na ikahakikishwa hakuna mwingine tumboni, ni bora mara nyingi kuliko kutokuwa na kitu. Akivimeza mtoto bado yuko ndani, mfuko unaweza kupasuka. Hilo lazima aambiwe yeye, na aambiwe pia atakayekuwa naye.

Ila naye kidonge ana adui wake, na adui huyo sisi watu wa pwani tunalala naye: unyevu. Misoprostoli inayodumu ni ile iliyofungwa karatasi ya bati juu na chini. Iliyofungwa plastiki ya kuonyesha upande mmoja inapitisha unyevu kidogo kidogo. Na kidonge kilichotolewa kwenye pakiti yake kimepimwa kikaonekana nguvu imeanza kushuka ndani ya saa 48. Sasa fikiria tulivyozoea kugawa dawa. Tunavitoa vidonge kwenye pakiti, tunavitia kwenye bahasha, tunaandika jina, tunamkabidhi mama mwenye mimba ya miezi minane. Ataiweka bahasha ile kwenye kabati lenye nguo za mtoto, mwezi wa nne, mvua usiku na mchana. Siku ya siku anameza chaki. Nimekuta mkasi umekata pakiti hadi ukapasua vyumba vya vidonge, na pakiti ile ikarudishwa kwenye droo kana kwamba bado ni nzima. Mama apewe vidonge vyake ndani ya bati lao, na mkasi upite kwenye mstari.

Ipo dawa ya tatu, karbetosini isiyoogopa joto, ambayo mwaka 2018 ilijaribiwa kwa wanawake karibu 30,000 na kuzuia damu sawasawa na oksitosini. Siku ikitufikia kwa bei tunayoiweza nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini hiyo ni ya kuzuia tu. Kumtibu mama ambaye damu imeshaanza kumtoka bado utahitaji oksitosini, na bado utahitaji friji.

Kwa hiyo ninachokidai kwa wasimamizi wa wilaya ni kitu kidogo sana: karatasi moja yenye muhuri inayosema oksitosini inaingia friji ya chanjo, ikabandikwa mlangoni mwa friji. Pale kwetu tulianza bila karatasi hiyo, kwa makubaliano ya mdomo na muuguzi mmoja mwenye moyo. Alipohamishwa, aliyekuja akakuta kikasha chetu, akakitoa, akakiweka juu ya rafu ya stoo.