Kutafuta pai kwa kumwaga nukta: kila tarakimu ina bei yake

Chukua mraba wenye upande wa 1, chora ndani yake robo duara yenye nusu kipenyo 1, kisha mwaga nukta kiholela. Robo hiyo inachukua pai gawanya kwa 4 ya eneo lote, yaani karibu 0.7854. Basi hesabu nukta zilizoangukia ndani, gawanya kwa idadi yote, zidisha kwa 4.

```python
import random
n, ndani = 10000, 0
for i in range(n):
    x, y = random.random(), random.random()
    if x*x + y*y <= 1:
        ndani += 1
print(4 * ndani / n)
```

Wanaoisifu njia hii husema ukiongeza nukta, jibu linakaribia. Ni kweli, ila linakaribia kwa mwendo wa kobe. Kwa nukta 100, ndani zitaangukia 78 au 79 hivi. 78 inatoa 3.12, 79 inatoa 3.16, 3.14 haipatikani hata uwe na bahati ya namna gani! Na hesabu yenyewe hucheza mara nyingi kati ya 74 na 83, yaani jibu lolote kuanzia 2.96 hadi 3.32.

Kiasi ambacho jibu hukosea kwa kawaida ni takriban 1.64 gawanya kwa kipeuo cha pili cha idadi ya nukta. Nukta 10,000 zinakuachia kosa la 0.016, milioni moja 0.0016. Tarakimu moja zaidi inadai nukta mara 100. Arkimedesi, kwa poligoni ya pande 96, aliibana pai kati ya 3.1408 na 3.1429, sisi tungehitaji nukta kama milioni 2.7 ili kosa lishuke hadi 0.001. Kama shabaha ni pai yenyewe, hii ni hasara tupu.

Lakini kanuni ile ya kipeuo haibadiliki vipimo vinapoongezeka, yaani ukitoka mraba wenye vipimo viwili kwenda mchemraba wenye vitatu na kuendelea, na hapo ndipo mizani inapogeuka. Kwenye mraba, nukta zilizopangwa safu kwa safu zinaishinda bahati nasibu. Kwenye vipimo 10, safu za nukta 10 kila upande zinadai nukta bilioni 10, ilhali nukta milioni moja za kiholela zinakupa ujazo wa tufe la vipimo hivyo kwa kosa la asilimia 2 hivi. Ndiyo maana wanahisabati Ulam na von Neumann waliigeukia njia hii miaka ya 1940 kule Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, kufuatilia nyutroni zinazogongana na atomi tena na tena.

Usiamini mbio moja, kwa sababu nukta 1,000 zinaweza kwa bahati kukaribia kuliko 10,000. Rudia programu mara 100, tazama majibu yalivyotawanyika, kisha zidisha nukta mara 4. Mtawanyiko usipopungua hadi karibu nusu, kagua kwanza kile kinachokuzalishia namba.