Chukudu inayolia: kwa nini hadithi ndefu yenye mwisho wa kipuuzi inapendwa

"Kama mwisho ni upuuzi mutupu, kwa nini watu wanakubali kungoja nusu saa nzima, na kisha wanacheka?" Kijana mmoja aliuliza hivyo ndani ya boti la kutoka Goma kwenda Bukavu, mara tu baada ya abiria mwenzake kumaliza hadithi ya chukudu inayolia.

Hadithi yenyewe inakwenda hivi. Mtu mmoja wa Birere, mjini Goma, ana chukudu nzuri ya mti mgumu, magurudumu yake yamevikwa mpira wa matairi yaliyochakaa, na inabeba magunia ya viazi bila kutetereka. Ina kasoro moja tu: inalia. Gurudumu la mbele linatoa sauti nyembamba, kwiii, na msimulizi anaitoa sauti hiyo kwa mdomo. Mwenye chukudu haombi itengenezwe. Anataka mtu amwambie ina nini. Anaipeleka kwa fundi wa jirani, ambaye anapiga magoti, anazungusha gurudumu, kwiii, anafuta mikono na kusema: "Papa, hii inanipita. Wende Sake."

Huko Sake fundi analaza sikio juu ya ubao na kufumba macho. Kwiii. "Papa, hii inanipita. Wende Minova." Mtu anauza mbuzi wake apate nauli. Minova fundi anakataa kuigusa kabla mgeni hajala, na hapo msimulizi mwenye kipaji anapika sombe mbele yetu tangu kuitwanga hadi kuikorogea mafuta ya mawese. Kisha kwiii, na "inanipita". Kalehe kuna mwalimu mstaafu anayeiandika sauti hiyo katika daftari asubuhi na jioni, wiki nzima, halafu anafunga daftari: hii ni ya muzee mmoja wa Idjwi, hakuna mwingine. Wakati huo yule mtu ameshauza saa yake na kukosa harusi ya dada yake. Chukudu inapakiwa kwenye mtumbwi, na mwenye mtumbwi anadai nauli ya watu wawili.

Muzee anaishi juu kabisa ya kilima. Siku ya kwanza anaitazama tu. Siku ya pili anaipandisha na kuiteremsha. Usiku wa tatu anazima taa na kuisikiliza gizani. Alfajiri anamwita mgeni, anamketisha, anamwagia chai, anakohoa kidogo, na kusema: "Mutoto wangu, nimeisikiliza muzuri. Hii chukudu yako iko inalia."

Imeisha. Waingereza na Wamarekani wana hadithi za namna hiyo hiyo, na maarufu kuliko zote ni ya mbwa mwenye manyoya mengi kupita kiasi. Mwenyewe anamsafirisha kutoka shindano hadi shindano, akisifiwa kila mahali, hadi anamfikia mtu wa mwisho, ambaye anamwangalia na kusema kwamba manyoya yake si mengi kihivyo.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika mwaka 1790 kwamba kicheko huzuka pale matarajio yaliyokazwa yanapogeuka ghafla kuwa si kitu. Alisisitiza jambo ambalo wengi hulipita haraka: matarajio hayapaswi kugeuka kuwa kinyume cha kile kilichotarajiwa, kwa sababu kinyume nacho ni kitu. Yanapaswa kuyeyuka kabisa. Chukudu yetu inatupa nafasi ya kulipima wazo hilo, kwa sababu mwisho wake unaweza kubadilishwa.

Tuseme muzee angesema: "Tia grisi kwenye beringi." Huo nao ni mwisho mdogo baada ya safari kubwa, na wapo wanaoupendelea. Lakini hapo swali limejibiwa. Msikilizaji anaona mafundi wote watatu na yule mwalimu walikuwa wajinga, anatabasamu kwa kuwa sasa anajua, na mambo yanaishia hapo. Tuseme badala yake muzee angegeuka kuwa ndege akaruka. Watu wangekasirika, na wangekuwa na haki, kwa sababu ndege hana uhusiano wowote na kile walichokuwa wakikingoja. Mwisho wa "iko inalia" ni wa aina nyingine. Unajibu swali lile lile lililoulizwa Birere, na neno lake ni la kweli kabisa, ila hauongezi hata chembe juu ya yale tuliyoyajua tangu mwanzo. Upuuzi wa hadithi hizi haupatikani ovyo. Mwisho lazima uwe jibu halali, na jibu hilo lazima liwe tupu.

Kant anaeleza vizuri kicheko cha sekunde ile ya mwisho. Haelezi dakika zilizotangulia, na mimi naamini utamu mwingi uko humo. Tazama kinachotokea baada ya Minova. Hadithi za kawaida zina desturi ya vituo vitatu: wawili wanashindwa, wa tatu anaweza. Msikilizaji amekulia na desturi hiyo bila kufundishwa, kwa hiyo kwa fundi wa tatu anategemea jibu. Lisipokuja, kitu kinabadilika ndani yake. Anaacha kuuliza "chukudu ina nini?" na kuanza kuuliza "huyu naye atafanya nini kabla ya kusema inampita?" Kuanzia hapo kila kituo kinamlipa papo hapo: sombe ni malipo, daftari la mwalimu ni malipo, nauli ya chukudu mtumbwini ni malipo. Kwenye boti utasikia watu wanaanza kutoa "kwiii" pamoja na msimulizi, na hiyo ndiyo dalili ya uhakika kwamba hadithi imeshika. Ikiwa hadi kituo cha nne hakuna aliyejiunga, afadhali msimulizi amvushe mtu wake moja kwa moja hadi Idjwi.

Wakati huo huo gharama inapanda: mbuzi, saa, harusi ya dada. Vitu hivyo vina kazi. Kila kinachopotea kinamfanya msikilizaji aamini kwamba jibu lazima liwe kubwa, la sivyo nani angelipa hivyo? Bila yeye kujua, amewekeza pamoja na mwenye chukudu. Kwa hiyo muzee anaponena, anayefika kileleni mikono mitupu si yule mtu wa Birere peke yake. Ni sisi sote. Kicheko kinahama kutoka kwa mhusika na kuja kwa wasikilizaji, na kwa kuwa wote wamenaswa kwa pamoja, hakuna anayeona aibu ya peke yake.

Haya yote yanavunjika uso wa msimulizi ukimsaliti. Mark Twain, mwandishi wa Marekani, alieleza mwaka 1895 kwamba hadithi ya namna hii inaweza kuzunguka itakavyo na isifike popote, mradi anayeisimulia awe mzito wa uso, asionyeshe hata kidogo kwamba anaona ndani yake kuna cha kuchekesha. Ni kweli, na sababu yake ni ya wazi: tabasamu dogo likitokea Kalehe, msikilizaji anajua kuna mtego, na matarajio yanalegea kabla ya wakati.

Sasa upande wa wanaopinga, ambao nauchukulia kwa uzito. Wanasema huyu msimulizi ametumia imani yangu vibaya. Aliniahidi jibu kwa kila alichofanya, nikampa muda wangu, naye alijua tangu mwanzo kwamba hana kitu. Katika miji yetu malalamiko hayo yana makali zaidi. Mama aliyeshinda kwenye foleni ya maji na bidoni zake, au mtu aliyekwama njiani kwa sababu barabara imekatika, amengojea vya kutosha siku hiyo, na kungojea kwake hakukuwa mchezo. Ukimchukulia nusu saa nyingine na kumrudishia "iko inalia", unamkumbusha maisha yake badala ya kumpumzisha.

Wengine wanajibu kwamba ni kinyume: watu waliozoea kungojea bure ndio wanaocheka zaidi, kwa kuwa hapa angalau kungojea kuna ladha. Majibu yote mawili nimeyasikia yakitolewa kwa moyo, na nadhani kinachoyatenganisha ni uhuru wa kuondoka. Kwenye boti safari itachukua saa zake, usikilize au usisikilize. Ukichoka unageuza shingo na kutazama ziwa, na hakuna anayechukia. Muda ule ulikuwa tayari umekwenda, hadithi imeujaza tu. Lakini mzee wa familia akiianza mbele ya wakwe, au mkuu wa kazi mbele ya wafanyakazi wake, hakuna anayeweza kusimama. Hapo wapinzani wanasema kweli: anayesimulia anaonyesha mamlaka yake, na kicheko kinatolewa kama heshima.

Vicheko hivyo viwili si vigumu kuvitofautisha. Cha kweli kinachelewa kidogo, kwa sababu kichwa kinahitaji muda kuhakikisha kwamba hakuna kingine kinachofuata. Kisha kinaambatana na makelele ya kulalamika, "ah, umetutesa!", na mara nyingi mmoja wa walionaswa anaichukua hadithi hiyo na kuipeleka kwa mtu ambaye hajaisikia, akiongeza kituo chake. Cha heshima kinakuja mara moja, ni kifupi, na mazungumzo yanahamia jambo lingine. Hakuna anayeirudia hadithi hiyo kesho yake.

Wapinzani wana hoja nyingine moja, kwamba mzaha ukitegemea mshangao unakufa mara ya kwanza. Hiyo siikubali. Mtu aliyeijua chukudu huwa anaketi tena kwa hiari, akiwa amenyamaza kwa kusudi, kwa sababu sasa anawatazama wenzake wakipanda kilima cha Idjwi. Anajua kitakachotokea na wao hawajui. Anasaidia hata: anauliza "Na mbuzi aliuza bei gani?" ili gharama iwe nzito zaidi. Kundi lenye mtu mmoja kama huyo linacheka vizuri kuliko lile la wageni watupu.

Mahali ambapo hadithi hizi zinashindwa kabisa, kwa maoni yangu, ni kwenye simu. Sauti iliyorekodiwa WhatsApp inaonyesha urefu wake kabla hujaigusa. Ukiona dakika 15 unajua muzee hatasema chochote mpaka sekunde za mwisho, na unaweza kuruka hadi hapo, ambako utasikia mtu akisema "iko inalia" bila kuelewa wengine walicheka nini. Wapo wanaoongeza kasi mara mbili, na ile kimya ya alfajiri, chai ikimiminwa na muzee akikohoa, inapita kabla haijafanya kazi yake. Jamaa mmoja wa Kadutu, Bukavu, ameanza kuituma vipande vipande, kituo kimoja kila jioni katika kundi la familia, na hakubali kuandika cha kesho hata akibembelezwa. Juzi walikuwa wamefika Kalehe, na shangazi yake alikuwa ameshaanza kuandika "kwiii" kabla ya kipande kutumwa.