Kivuli cha mama nimekikalia mimi

"Mama muuza dagaa Kigoma ni mchumia juani, na mchumia juani hulia kivulini." Wangu kachumia Kibirizi miaka na miaka, aliyelia kivulini ni mimi. Mama ukisomewa hii ujue nakumbuka, dagaa wakifika alfajiri unawamwaga kwenye chanja unawageuza mpaka jioni wakauke wang'ae, ila masika mvua ikishuka wanalegea wanabadilika rangi, mzigo unaondoka kwa bei ya chakula cha kuku na ada yangu imo humo humo. Mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi haitoki, siku hizo uliuza kanga zako ukadhani sijui. Sasa nakutumia hela kila mwezi na bado unashuka mwaloni, eti ukikaa mgongo unauma (mgongo gani huo!). Jamani, mama zenu wamekubali kukaa kivulini?